Maji ya Saba

Kwa jina la Aliyeiumba kalamu kabla ya wino na mauti kabla ya matanga, naanza. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyewalilia wapenzi wake kwa macho wala si kwa ukelele.

Niwapange watu kwanza, kila mmoja mahali pake, kama imamu anyooshavyo safu kabla ya takbira. Mwenyekiti wetu sisi majaji wa shindano la hadithi alikuwa Daktari Hazrul, mhadhiri wa fasihi, mwanamume ambaye ndevu zake zilichongwa kama herufi na akili yake ilikata kama wembe. Kushoto kwake aliketi Bi Saodah, aliyehariri gazeti mpaka macho yakamchoka. Mwili mnene, ulimi mwembamba. Kulia niliketi mimi, Haji Deraman, niliyefunzwa tenzi na baba yangu na talakini na babu yangu, na ambaye mpaka leo ndiye husimama juu ya makaburi ya mtaa wetu kumsomea maiti yale atakayoulizwa. Wa nne hakuonekana. Hadithi zilitujia bila majina ya waandishi, na huyo wa nne alikuwa namba tu pembeni mwa karatasi.

Sasa nakumbuka chumba. Orofa ya juu ya duka la batiki, mjini Kota Bharu, Kelantan, harufu ya nta ikipanda ngazi kabla yetu, na pangaboi likizipepea karatasi hata ikabidi kila rundo likandamizwe kwa kitu: kikombe, kikata tambuu, kiatu cha Bi Saodah.

“‘Alisimama dirishani, mvua ikakatika, naye akaelewa kwamba maumivu hayakuwa adui yake bali mwalimu wake,’” Hazrul alisoma, kisha akaitupa karatasi ile kwenye rundo la kushoto. “Hii ni mvua ya ngapi kukatika leo?”

“Nimeacha kuhesabu,” alijibu Bi Saodah, keki ya mayai shavuni. “Ila mvua za mwaka huu zina adabu jamani. Zinangoja mtu ayaelewe maisha ndipo zikatike. Ile ya Disemba iliyoingia jikoni kwangu haikungoja mtu aelewe kitu.”

Tulicheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati huo.

Shindano letu ni la chama kidogo cha waandishi wa ukingo wa mto, na miaka yote hadithi zilizoletwa zilienea katika kikapu kimoja cha sokoni. Mwaka ule zilihitaji gari. Watu hawakuwa wameongezeka, wala mapenzi ya kalamu hayakuwa yameshuka mjini kama baraka. Kilichoongezeka ni akili mnemba, ile mashine iandikayo hadithi nzima kabla chai haijapoa. Mtu aiambie tu, niandikie kisa cha bibi na mjukuu, chenye huzuni kiasi, naye huyo kaweka jina lake chini. Sifichi hasira yangu. Nimezeeka nikiamini kwamba mtu akiandika juu ya msiba amelipa kitu. Kumtuma asiyekufa aandike juu ya kufa, kisha kuja kudai tuzo, mimi naona ni sawa na kumwajiri mtu akufungie Ramadhani.

Kwa hiyo Hazrul alipoleta njia yake ya kuchekecha, niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na alama tatu.

Alama ya kwanza ilikuwa mwisho. Tulianza kila hadithi mkiani, tukasoma aya ya mwisho kabla ya kusoma ya kwanza. Mashine, alisema Hazrul, haiwezi kuacha mlango wazi. Hufunga yote iliyoyafungua: waliogombana hupatana, mfiwa hupata funzo, kisha huja sentensi fupi yenye utulivu, inayokutazama usoni kukuuliza kama umeguswa. Alama ya pili ilikuwa majina. Ubaoni Hazrul alichora safu, na kila jina la mhusika tuliloliona tulilipigia kistari. Ndani ya juma moja ubao ule ulijishtaki wenyewe. Watu wasiojuana, wa wilaya mbalimbali, wote walikuwa wamemzaa msichana Aisyah, wote wamempa babu mvuvi aitwaye Pak Karim, na katika vijiji vyote hivyo vya Kelantan hakukuwa na Mek hata mmoja, hakukuwa na Awang, majina yaliyojaa huku kwetu, wala mtu mwenye jina la utani alilopachikwa kwa sababu ya pua yake. Alama ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, nayo ni ubapa wa hisia. Katika hadithi za mashine moyo hutajwa lakini hauchemki. Mtu huarifu kwamba ana huzuni kama anavyoarifu kwamba ana mwavuli. Joto ni lilelile toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mfiwa anayegombania sufuria ya wali, hakuna anayecheka pasipo pake, na kila mtu anajua anachohisi na kwa nini, tena anakieleza kwa ufasaha.

Kanuni iliandikwa hivi: alama moja, soma kwa makini; mbili, weka kando; tatu, ondoa. Na aliyeondolewa kwa alama tatu jina lake lingefunguliwa, litangazwe katika ukurasa wa chama, kisha lipelekwe kwa mashindano mengine ya nchi ili naye afungiwe huko.

Sitaidhulumu njia hiyo. Ilitenda kazi. Mtu mmoja aliyeleta hadithi kwa majina ya shemeji zake wote alipigiwa simu, akakiri kabla hajaulizwa swali la pili, na akaomba tusimwambie mkewe. Tuliondoa nyingi, na ninaapa kwamba nyingi zilistahili. Lakini ungo umeumbwa kwa ajili ya nafaka nyingi. Punje moja ukiiweka kwenye ungo, hutajua lolote juu yake ila kwamba imepita au haikupita.

Ndipo ikaja hadithi iitwayo “Maji.”

Bi Saodah aliishika ya kwanza. Aliusoma mwisho kwa sauti: “‘Nikafunga mlango. Maji yamekwisha, alhamdulillahi. Nikaenda nyumbani nikala wali.’” Akaiinua miwani. “Mlango umefungwa. Tena kwa komeo.”

“Moja,” Hazrul alisema.

“Majina: hakuna. Maiti anaitwa Binti Hawa. Na aliyeoshwa ukurasa wa kwanza naye ni Binti Hawa. Na yule wa mafuriko, Binti Hawa pia.”

“Mashine imechoka kubuni. Mbili. Na hisia?”

Bi Saodah alipekua. Nilimwona uso wake ukikunjamana kidogo, kama wa mtu aliyeuma jiwe katika wali na hana hakika. “Hakuna,” akasema. “Mwanamke anaosha maiti. Anasema alivyoosha. Basi.”

“Tatu kwa tatu. Haji, weka saini.”

Niliomba niisome kwanza. Hazrul aliangalia saa, kwa heshima lakini aliangalia.

Ilikuwa hadithi fupi ya mwoshaji. Anasimulia kazi yake kama mtu amwelekezaye mgeni: lazima pawe na pazia, lazima maji yawe ya vuguvugu, mkono wa kushoto ufungwe kitambaa, tumbo likandwe taratibu kama la mzazi. Anasema machozi hayaruhusiwi kumdondokea maiti, na kwamba aliyeshindwa kuyazuia hupaswa kutoka nje. Kisha analetewa Binti Hawa wa mwisho. Anaanza upande wa kulia. Anafika gotini, anakuta kovu dogo lenye umbo la ndoana. Hasemi limetoka wapi. Anaosha maji ya kwanza kwa majani ya mkunazi, maji ya pili matupu, maji ya tatu anatia kafuri. Kisha, bila neno la kueleza, anaanza tena upande wa kulia. Maji ya nne. Ya tano, kafuri. Anaanza tena. Ya sita. Ya saba, kafuri. Anafunga mlango, anaenda nyumbani, anakula wali.

Niliiweka chini. Nilijiona nimeshika ukingo wa meza.

“Sitii saini,” nikasema.

“Haji wangu, kwa nini?”

“Hii imeandikwa na mtu.”

“Unajuaje?”

“Anza na jina unalolicheka. Ninaposoma talakini simwiti maiti kwa baba yake, namwita kwa mama yake. Na mama akiwa hajulikani, namwita mwana wa Hawa, kwa kuwa huyo ndiye mama asiyekosekana. Waoshaji wa huku nao huwaita maiti wote hivyo wanaposimulia, ili siri ya mwili isipate mwenyewe. Hilo jina halikutokana na uvivu. Ni sitara.”

“Hilo nalikubali,” Hazrul alisema, na hapo ndipo uzuri na ubaya wake ulipokuwa: alikuwa mtu wa kukubali. “Lakini mashine imesoma mila zetu zote, Haji. Ukiiuliza namna ya kuosha maiti inakujibu kuliko imamu. Tena hapa imejikwaa. Kafuri hutiwa maji ya mwisho, au nimekosea?”

“Hukukosea.”

“Basi mbona imetiwa ya tatu, ya tano na ya saba? Miisho mitatu kwa maiti mmoja! Mtu aliyewahi kuosha kweli asingefanya kosa hilo. Mashine ndiyo hujisahau ikarudia.”

Hapo hasira, niliyokuwa nimeifuga kwa ajili ya matapeli, ilinigeukia njia nyingine.

“Daktari, sunna ni tatu, au tano, au zaidi ya hapo aonavyo mwoshaji, mradi iwe witiri, hesabu isiyogawika kwa mbili. Huyu aliosha matatu, akatia kafuri. Maana yake alikuwa amemaliza. Mwili umetakata, sanda iko tayari, watu wako nje wanangoja. Kilichobaki ni kumtoa mikononi. Akaanza tena. Akafika tano, akatia kafuri, maana yake alinuia kumaliza. Akaanza tena! Unataka kilio? Hicho hapo. Amekataliwa kulia juu ya maiti, amekataliwa kupiga ukelele, amekataliwa kusema ni nani. Hakuachiwa kitu ila maji. Amelia kwa ndoo.”

Pangaboi lilizunguka. Bi Saodah alikuwa ametoa miwani.

“Na mashine,” nikaendelea, nikijua sauti yangu imepanda kupita umri wangu, “mashine ingeeleza! Miezi hii miwili tumesoma nini humu ndani kama si maelezo? Ingeandika: aliosha mara saba kwa sababu hakutaka kumwacha aende. Huyu hakueleza. Kuna ubapa wa sahani tupu, na kuna ubapa wa kifuniko kilichokaliwa na mtu ili sufuria isifoke. Wewe unavipima kwa rula moja.”

“Haji, hili si shindano la njiwa,” Hazrul alisema, akitabasamu. Alikusudia mashindano yetu ya ndege, ambako vizimba hutundikwa juu ya nguzo ndefu na majaji hupita chini wakisikiliza milio. “Hatuwezi kusema tu, nimesikia mlio nikaupenda. Lazima pawe na kanuni. Nikiiachia hii kwa hisia yako, kesho yule wa shemeji zake atanishtaki, na atakuwa na haki.”

“Majaji wa njiwa wanakushinda jambo moja. Wao husikiliza mlio hadi mwisho. Wewe unahesabu manyoya.”

“Basi jamani, basi,” Bi Saodah aliingilia. “Mnataka kupigana, shukeni sokoni mpate watazamaji. Daktari, ile programu yako ya kupima, inasemaje juu ya hii?”

Hazrul alikuwa nayo kwenye kompyuta. Unabandika maandishi, inakupa asilimia. Aliibandika hadithi ile. Ikasema tisini na kitu, mashine.

“Haya. Na hii je?” Bi Saodah akatoa simu, akatafuta, akamsomea Hazrul aandike aya moja ya lugha nzito, iliyonyooshwa kama shati la Idi. Programu ikasema: themanini na kitu, mashine.

“Ya nani?” Hazrul aliuliza.

“Yangu. Niliiandika gazetini mume wangu alipofariki. Hapo hata kompyuta sikuwa nayo, nilipiga taipu.” Alirudisha miwani machoni. “Kumbe nililia kama mashine. Sikujua.”

Hakucheka mtu.

Hazrul hakuwa dhalimu, ndiyo maana nilimkasirikia zaidi. Dhalimu humkasirikii, unajilinda naye tu. Alipendekeza jambo la haki, kwa kadiri haki ilivyo kwenye karatasi: mwandishi afunguliwe jina, aitwe, aulizwe. Katibu akafungua bahasha. Nik Zawiyah, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Mimi niliposikia jina hilo niliiweka kalamu chini.

Alikuja siku ya shule, wino wa kalamu ya ubao ungali kidoleni. Mwanamke mrefu, mtulivu, ushungi wa kijivu. Bi Saodah alimsogezea chai, naye mwalimu akasema amefunga.

“Mwalimu, kwanza ujue hatukutuhumu,” Hazrul alianza.

“Mmeniita saa za kazi, mmefunga mlango, mmekaa watatu mbele yangu. Ndugu Daktari, kutuhumu kwenu kukoje basi?”

Bi Saodah alikohoa ndani ya kiganja.

Hazrul alimwomba rasimu. Alisema hana, aliandika kwenye kompyuta ya chumba cha walimu. Lakini faili lilikuwepo, na historia yake ilionyesha kila badiliko. Hazrul aliigeuza kompyuta ili sote tuone: asubuhi moja, toka neno la kwanza hadi la mwisho, pasipo kurudi nyuma.

“Watu huandika kwa kufuta, Mwalimu. Wanaonakili ndio hawafuti.”

“Ulitaka nifute nini?”

“Sentensi. Neno. Mtu hubadili mawazo.”

“Sikuwa na mawazo ya kubadili.”

“Sawa. Huyu Binti Hawa wa mwisho, ni nani?”

“Ni binti Hawa. Kama ulivyo wewe mwana wa Hawa.”

“Namaanisha jina lake.”

“Mwoshaji hamtaji aliyemwosha.”

“Lakini hii ni hadithi ya kubuni, si ndiyo?”

“Kama ni ya kubuni, jina unalitakia nini?”

Alijibu yote hayo bila kupandisha sauti, na nilimwona Hazrul akiandika kitu pembeni. Nikaweza kukisoma toka nilipoketi. Aliandika: bapa.

“Swali la mwisho,” alisema. “Kafuri. Mara tatu. Kwa nini?”

Kutoka dukani chini lilisikika kasha la batiki likiburutwa. Kisha Mwalimu Zawiyah alinitazama mimi. Hakunitazama kwa kuomba. Alitazama kama mtu anayehakikisha kwamba mlango wa jirani umefungwa.

Maana nilikuwa nimeshajua. Niliposikia jina lake tu niliikumbuka mvua, na udongo mwekundu unaoteleza, na mwavuli ulioshikwa juu ya kitabu changu ambacho sikukihitaji. Nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la msichana nikamwita kwa mama yake, kama niwaitavyo wote: Ewe mja wa Mungu, binti Zawiyah. Sikuwa nimeuliza nani aliyemwosha. Huwa siulizi.

Neno langu moja lingemaliza kesi. Hazrul angetoa machozi, namjua. Angeipa tuzo papo hapo na hotuba juu yake. Nikaufungua mdomo. Naye, bila kuondoa macho kwangu, akatikisa kichwa, kidogo, kama mtu anayefukuza nzi asitake kuwasumbua wengine.

Nikaufunga.

“Daktari,” alisema, “umewahi kuosha maiti?”

“Sijajaliwa.”

“Siku utakapoosha, utajua kwamba ndoo nzito kuliko zote ni ile iliyokwisha maji.” Akainuka. “Kipindi changu kinaanza.”

Tulipiga kura. Bi Saodah aliinua mkono pamoja nami, na kwa wawili dhidi ya mmoja hadithi ikabaki. Nilimshukuru Mungu nikadhani tumeshinda. Lakini katika orodha ya fainali Hazrul, kwa mamlaka ya kiti chake na kwa kile alichokiita uwazi, aliweka nyota mbele ya kichwa “Maji,” na chini, kwa herufi ndogo: uhalisi wa kazi hii haukuthibitishwa kikamilifu.

Nilimwendea. Nilimwambia, “Unajua ulichofanya? Umemwachia heshima yake mlangoni, nusu ndani nusu nje, kila apitaye aikanyage.”

“Nimemlinda, Haji. Na nimekilinda chama. Ningefanya nini? Niambie wewe ungefanya nini katika kiti changu.”

“Ningesema sijui, nikanyamaza. Kutojua si aibu, Daktari. Aibu ni kumwekea mtu nyota kwa kuwa hujui.”

Kesho yake Mwalimu Zawiyah alituma ujumbe kwa katibu, maneno mawili: Naomba iondolewe. Ikaondolewa. Mtaani nyota ilikwisha kufanya kazi yake. Sokoni muuza mboga alimwambia mwenzake nikiwa nachagua bilinganya, “Yule mwalimu mrefu si ndiye aliyeandikiwa na kompyuta? Tena juu ya maiti, astaghfirullahi.” Nilimgeukia nikamwambia mambo ambayo mtu wa makamo yangu hayasemi mbele ya bilinganya. Hakuelewa nimekasirikia nini; alinipunguzia bei.

Nilijiuzulu ujaji. Tuzo ilikwenda kwa hadithi yenye matusi mengi, wahusika wenye majina ya ajabu, na mwisho uliokatwa katikati ya sentensi. Sisemi iliandikwa na nani. Sina ushahidi, na nimekwisha jifunza kutohukumu kwa manyoya. Ninachojua ni kwamba alama tatu zilivuja, na mwaka uliofuata, Bi Saodah alinisimulia akifuta machozi ya kicheko, hapakuwa na mvua hata moja iliyokatika. Hadithi zote zilikatika zenyewe. Wahusika wote walipiga mayowe, kila kijiji kilijaa Mek na Awang wenye pua za kila namna, na mashine, ilipoambiwa isifunge mlango, ilijifunza kuuacha wazi. Ungo ulikuwa umefundisha pumba kuwa nafaka. Aliyechekechwa akatoka alikuwa mmoja tu asiyejua kujifanya.

Miaka imepita. Hazrul amekuwa profesa; tukikutana msikitini hunibusu mkono, nami humwombea, ingawa kwa dua fupi.

Mwaka jana, msimu wa mafuriko, alifariki mke wangu. Maji ya mto yalikuwa yamefika ngazi ya chini, na waoshaji wawili wa mtaa walikuwa wamekwama ng'ambo. Nikasikia hodi. Alikuwa Mwalimu Zawiyah, suruali imekunjwa magotini, mfuko wa majani ya mkunazi kichwani usilowe.

“Haji,” alisema, “nani atashika ndoo?”

Dada yangu akaingia naye. Mimi nikabaki nje ya mlango, nimesimama, kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimepandishwa juu ya meza. Sikuona kitu; nilisikia. Maji yakamwagika polepole, kuanzia kulia, nikajua ni ya kwanza. Yakanyamaza. Ya pili. Katikati sauti yake ilisema neno moja, kwa upole, kama amwambiaye mtu ageuke kidogo usingizini. Kisha harufu ya kafuri ikapita chini ya mlango, ikaufikia uso wangu.

Nilikuwa nimewasomea waja wangapi wa Mungu yale watakayoulizwa? Nilikuwa najua kwamba matatu yanatosha. Nikasimama pale, kiganja juu ya ubao wa mlango, nikisikiliza kama ndoo itachotwa tena.

Haikuchotwa. Komeo likafunguka.

Ewe Mola, warehemu waliotangulia, uliowaficha aibu zao kwa mikono ya waja wako. Na sisi tuliobaki tujalie wa kutuosha atakayenyamaza, wa kutusoma asiyefanya haraka, na utuzidishie maji kwa kadiri tuwezavyo kuyaacha. Amina.